Katikati Pawe Wazi

Besti wangu aliianza prompti yake ya kwanza kwa shikamoo. Sisemi ili mtu amcheke, maana mtu akimcheka mbele yangu tunakosana hapo hapo. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Prompti ni yale maelezo unayoiandikia AI ili ikutengenezee kitu, na yeye alitaka imtengenezee intro, yaani kile kipande kifupi kinachofungua video kabla mambo hayajaanza. Akaandika hivi:

"Shikamoo. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Uru, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Tunalima kahawa na ndizi, pia tunafuga. Tunaomba kwa heshima utusaidie video fupi ya kufungulia chaneli yetu, yenye maumbo mazuri yanayosogea, na mahali pa kuandika kichwa cha video. Asante sana, Mungu akubariki."

Tukakaa tunaisubiri kama watu wanaosubiri chapati ivimbe. Ikaja. Mzee mwenye ndevu nyeupe ameinamisha kichwa. Nyuma yake akina mama wenye vikapu, wanatabasamu meno yote. Nyuma yao mlima. Na chini ya mlima, sijui katoka wapi, tembo.

"Huyu mzee ni nani?" akauliza.

"Ndiye uliyemwamkia."

"Na tembo?"

"Si umesema Kilimanjaro. Kwa hii kitu, Kilimanjaro bila tembo haijakamilika."

Alicheka mpaka akalalia kaunta, mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akaanza kucheka naye bila kujua anacheka nini.

Hapo ni stesheneri ninapofanya kazi, Moshi mjini, karibu na soko. Tunatoa kopi, tunapiga picha za paspoti, tunachapa barua za maombi. Kuediti video nimejifundisha mwenyewe kwa kuangalia wenzangu mtandaoni, na sasa watu wa harusi na kipaimara wananitafuta. Kwetu ni watu wa mjini, Waislamu, damu ya kila pembe. Mimi ni binti wa fundi cherehani. Besti wangu ni mtoto wa Uru, Mkatoliki, kwao kihamba, lile shamba linalozunguka nyumba, kina migomba na kahawa na ng'ombe wa ndani, na alfajiri ameshabeba majani kabla mimi sijageukia upande wa pili. Tulikutana sekondari. Mwalimu alimsimamisha kwa kosa la mtu mwingine, mimi nikasimama nikasema siyo yeye, tukatolewa nje wote wawili. Tangu hapo yeye akiumwa kichwa, dawa nameza mimi.

Sasa sikilizeni kilichokuwepo. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa na chaneli, na yeye ndiye aliyeianzisha kwa simu yake, kwa kupenda tu. Alirekodi wanavyomenya kahawa, wanavyopika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, wanavyopandikiza migomba. Watu wakaanza kutazama, hata wa huko nje waliokulia mlimani wakawa wanaandika chini ya video kwa Kichagga. Kikundi kikaona kumbe hiki ni kitu. Wakaamua wamweke mtu mmoja rasmi wa kuisimamia, kwa makubaliano ya kikao. Hapo ndipo katibu wao akamleta shemeji yake, kijana wa Arusha mwenye kamera na taa na begi la magurudumu.

Ikabidi wachague. Mwenyekiti, mama mmoja mrefu ambaye hata mbwa wa jirani humpisha, akasema kila mmoja alete intro. Ya sekunde tatu, kichwa kisomeke, hata kwa mama asiye na miwani. Atakayeleta iliyo nzuri ndiye atakayepewa chaneli.

Na asipopewa, besti wangu alikuwa anakwenda Holili. Shangazi yake ana ghala la mizigo pale mpakani, anataka mtu wa kukaa naye na kusimamia magari yanayopakua. Baba yake alishasema, "Kama hizo video ni kazi, nione kazi. Kama siyo kazi, shangazi yako anakungoja." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimwona yule msichana alivyokuwa anaitamka Holili, kama mtu anayetaja jina la hospitali.

"Sekunde tatu ndizo zinanipeleka au kunibakiza," aliniambia.

"Hazikupeleki popote," nikamwambia. "Kaa hapa. Futa hiyo shikamoo."

Akakataa kufuta! Tuligombana hapo nusu ya mchana, katikati ya wateja.

"Huwezi kwenda kwa mtu kuomba kitu bila kumwamkia," anasema. "Wala bila kusema we ni wa nani. Utapewaje?"

"Huyu siyo mtu."

"Hata kama."

"Besti, sikiliza. Hii kitu haisikii adabu. Inachora. Kila jina unalolitaja, inalichora. Umesema mama, imechora mama. Umesema mlima, imechora mlima. Ukisema Mungu akubariki, shukuru haijakuletea padri."

Akafikiri. "Kwa hiyo nikae kimya?"

"Usikae kimya. Taja kile tu unachotaka kionekane. Vingine vyote vibaki moyoni mwako."

Hiyo sentensi niliisema kwa hasira tu, lakini baadaye tukaifanya kanuni. Tulichokuwa tunakitaka kwenye karatasi kilikuwa rahisi. Maumbo, siyo picha ya kitu. Maumbo yaanze yametapakaa skrini nzima, yasogee, yajipange, yaache nafasi safi katikati. Kwenye ile nafasi ndipo tutakapoandika wenyewe kichwa cha kila video, kwa app ya kuhariri. Intro inabaki ileile, kichwa kinabadilika. Na sekunde tatu zilikuwa na sababu. Chaneli ina grafu inayoonyesha watu wanaacha kutazama wapi, na besti wangu alishaona kwamba intro yake ya zamani, ile ndefu yenye wimbo wa kwaya, ilikuwa inaporomosha ule mstari kama mtu kaanguka kwenye mfereji.

Siku ya soko mwenyekiti akashuka mjini, akapita dukani kuona tumefikia wapi. Nikampa kiti, nikamwamkia, akaitikia, akaketi na mkungu wake wa ndizi ameuegemeza kwenye mashine ya kopi. Bosi wangu akatazama, akasogeza karatasi zake.

"Andikeni," akasema mama mwenyekiti. "Muweke mlima. Muweke kahawa, iwe imeiva, nyekundu. Muweke mgomba. Ng'ombe. Mnara wa kanisa, maana tulianzia pale kwenye jumuiya. Na wale wazee wetu wawili waliotangulia, picha zao nitawapa."

Mimi naandika, naandika, damu inapanda. Nikashindwa.

"Mama, hizi ni sekunde tatu. Siyo misa ya jubilei."

Besti wangu alinifinya chini ya kaunta, mfinyo wa kutoboa. Mama mwenyekiti akanitazama kwa utulivu kabisa, ule wa mtu anayepima kitambaa.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtaja baba.

"Yule fundi. Alitushonea sare za kwaya." Akatikisa kichwa. "Baba yako mpole. Umeutoa wapi huo mdomo?"

"Kwa bibi mzaa mama."

Hakucheka, lakini kona ya mdomo ilisogea. Kisha akamgeukia mwenzangu, siyo mimi. "Mwanangu, akina mama watauliza. Kila mmoja atataka kujiona. Ukiwaletea kitu ambacho hakina mtu hata mmoja ndani yake, watasema umewaondoa. Fikiri hilo." Akauchukua mkungu wake, akaaga, akaenda.

"Umeniua," besti akasema.

"Kasema ufikiri. Hajasema hapana."

"Kwa mama yule, fikiri ndiyo hapana."

Nilitaka kumfuata yule mama mpaka stendi nikamweleze. Akanishika mkono, akanikalisha. Ndivyo tulivyo sisi wawili, mimi nawaka, yeye ananifunika sufuria.

Tukaendelea kujaribu. Ile AI tuliyokuwa tunatumia inakupa nafasi chache za bure kwa siku, zikiisha unangoja kesho, kwa hiyo kila prompti tuliipima. Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza maana Kiswahili inakielewa nusunusu: maumbo ya rangi yanasogea na kuacha nafasi katikati kwa ajili ya kichwa cha video. Ikaleta maumbo mazuri tu, na katikati ikatuandikia kichwa yenyewe. Herufi kubwa za dhahabu, zisizo za lugha yoyote duniani, zinatetemeka kama uji kwenye bakuli.

"Inasemaje hapo?" akauliza.

"Haisemi kitu. Imesikia kichwa, ikaona iandike."

Nikaongeza mwishoni, pasiwe na maandishi. Ikaleta maandishi. Nikaongeza, pasiwe na maandishi yoyote kabisa. Yakaja makubwa zaidi. Nilipiga meza, stepla ikaruka. Kuna AI zenye sehemu ya pembeni ya kuandika usivyovitaka, na hiyo inasaidia. Hii yetu haikuwa nayo, na ukitaja kitu, hata kwa kukikataza, umeshakipanda kichwani mwake. Ni kama kumwambia mtoto asifikirie sukari.

Tukaacha kabisa kusema kichwa, kusema maandishi, kusema nembo. Herufi zikatoweka. Lakini ikazuka shida nyingine: nafasi haikai. Maumbo yanafunguka, unaona katikati panaanza kuwa peupe, unafurahi, halafu yanarudi tena kuzungukazunguka kama nzi. Tulisema nafasi tupu, ikatupa chumba kitupu chenye dirisha. Tulisema katikati pasiwe na kitu, ikaweka duara moja katikati, la kujivunia. Siku ya kikao inakaribia, na shangazi wa Holili alishapiga simu kuuliza atafika lini.

Jumamosi nikapanda Uru kwa bodaboda. Nilikwenda kumsaidia kazi, maana ulikuwa msimu wa kahawa na mama yake alikuwa anaumwa mgongo. Hali ya hewa ilikuwa ile ya mawingu yanayokaa juu ya migomba, jua likitoka kila mtu anakimbilia kwenye vichanja kufunua nailoni. Vichanja ni zile meza ndefu za wavu ambapo kahawa iliyomenywa na kuoshwa inaanikwa, ikiwa bado na ganda lake la ndani, jeupe kama maziwa.

Tukawa tunachambua. Unatoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na mdudu, zile zilizobaki na ganda jekundu. Mimi nachagua moja moja kama kuku. Yeye ana namna yake, ya kwao wote pale. Anaweka viganja viwili katikati ya kahawa, anasukuma nje kwa mara moja, huku na huku. Punje zote zinakwenda pembeni, zinatulia, na katikati unabaki wavu mtupu. Halafu anazirudisha kidogo kidogo mbele ya macho, mbovu anazitoa.

Alifanya hivyo, nikamwambia, "Rudia."

"Nini?"

"Hiyo. Rudia."

Akarudia. Nikatoa simu.

"Unanirekodi nikiwa na kilemba cha shambani?"

"Sikurekodi. Naandika. Besti, sisi tumekuwa tunaiambia iache nafasi. Haijui kuacha. Tuiambie isukume. Tuiambie vitu viende wapi, na vikifika vikae."

Tuliandika palepale, mikono inanuka kahawa mbichi. Yeye ndiye aliyekuwa anaona, mimi nageuza kuwa maneno. Kwa Kiswahili ilikuwa inasema hivi:

"Maumbo bapa madogo ya mviringo, rangi ya maziwa, yamefunika uso wote wa kijani iliyokolea. Kamera imetulia juu, inatazama chini moja kwa moja, haisogei. Video inapoanza tu, maumbo yanasukumwa kutoka katikati kwenda kwenye kingo zote nne, kwa mwendo mmoja laini. Yanatulia kwenye kingo na hayasogei tena. Eneo pana la katikati linabaki kijani isiyo na alama, rangi moja sawasawa, mwanga uleule, mpaka mwisho. Picha ya mlazo."

"Ongeza kama maji yanavyofunguka," akasema.

"Utaletewa maji."

"Basi sema kama mikono inavyosukuma."

"Utaletewa mikono, na vidole saba."

"Na kahawa husemi?"

"Nikisema kahawa utapata kikombe na moshi. Nasema mviringo. Wanaojua watajua."

Mtandao pale chini ya migomba ni wa kubahatisha. Tulipanda mpaka kwenye kona ya kihamba, kwenye masale, ile mimea inayotutenga na kihamba cha jirani, nikanyoosha mkono juu kama sanamu, ikapita. Tukangoja. Jua likaingia, tukarudi kufunika kahawa, likatoka, tukafunua. Simu ikalia.

Maumbo yalikuwa yametanda kote. Yakasogea nje, taratibu, laini, kama mtu anayefungua pazia. Yakafika pembeni. Yakatulia. Katikati kijani, safi, pana. Besti wangu aliichukua simu, akaitazama tena. Akanirudishia, akaenda akasimama mbele ya ng'ombe wao, kanipa mgongo. Nikajua analia, nikamwacha.

Halafu nikaharibu furaha mwenyewe. Ile AI haitoi chini ya sekunde tano. Nikaingiza kwenye app ya kuhariri, nikabakiza sekunde tatu za mwanzo na kukata mwisho kama ninavyofanya siku zote, nikatazama. Kwenye sekunde ya tatu, katikati bado palikuwa pamejaa nusu. Maumbo yalichelewa kufika. Kichwa kingekaa wapi, juu ya fujo?

Nikaanza kutukana simu. Nikaitukana na kampuni iliyoitengeneza na walioitengenezea chaja. Mama yake, aliyelala ndani na mgongo wake, akaita, "Nani huyo anagombana?"

"Ni yule wa mjini, mama!"

"Mpe ndizi!"

Besti akarudi, akafuta macho, akatazama nilichofanya. "Kwa nini unakata mwisho?"

"Ndipo panapokatwa."

"Si mwisho ndio tunaoutaka? Kata mwanzo."

Nikamtazama. Mimi ndiye ninayejiita mwenye fani. Nikakata sekunde mbili za mwanzo badala ya mwisho. Sasa ikaanza maumbo yakiwa tayari njiani, yanafunguka moja kwa moja, na nusu yote ya pili ikabaki kijani tulivu. Nikaweka neno moja kubwa jeupe katikati, likitokea pale tu panapokuwa safi. Unalisoma, unamaliza, video inaanza. Tulikula zile ndizi tukiwa tumesimama.

Kikao kilifanyika uwanjani kwa mwenyekiti, kwenye viti vya plastiki, na televisheni imetolewa nje kwenye kibaraza. Kijana wa Arusha alianza. Niseme ukweli, ilikuwa kali. Moto, cheche, mlio wa kupasua anga, mlima unatokea, jina la kikundi linaruka linatua kama ndege. Akina mama wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Mae! Mpaka moyo umeruka." Haikuwa sekunde tatu, ilikuwa zaidi, lakini nani anahesabu moto unapowaka. Nilimwangalia besti wangu. Amekunja khanga yake vidoleni, anaikunjua, anaikunja.

Yetu ikachezwa. Tulikuwa tumeileta bila kichwa, tukidhani waione kwanza ilivyo. Maumbo yakafunguka, kijani ikabaki, kwisha. Hakuna kofi.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza katibu.

"Mbona patupu?" akasema mama wa nyuma. "Sisi tuko wapi?"

Nilishainuka. Nilikuwa na maneno, na yalikuwa mazuri, na yangetumaliza. Lakini besti wangu alishasimama kabla yangu, akaenda mbele na simu yake iliyokuwa imeunganishwa na ile televisheni.

"Mama mdogo," akamwambia yule wa nyuma, "wewe ungependa video ya nini?"

"Mimi? Mimi si mtori wangu."

Akaandika pale pale, wote wanaona anavyoandika: MTORI. Akaicheza. Maumbo yakafunguka, katikati likatokea neno, kubwa, jeupe, limekaa. Yule mama akainuka kidogo kwenye kiti chake.

"Ni wangu huo," akasema.

"Niandikie mimi kupogoa," mwingine akadakia. Akaandika. Ikafunguka. KUPOGOA KAHAWA.

"Mimi ng'ombe wa ndani!"

"Mimi sijamaliza kuona wangu, rudisha mtori!"

"Kaa chini, umeshaonwa wewe!"

Ikawa vurugu ya heri. Bibi mmoja ambaye hakuwa na miwani akayasoma yote kwa sauti, herufi kwa herufi, kama darasa la kwanza, na kila akimaliza neno wanamshangilia. Hatukuwa tumelipanga hili. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nimesimama na maneno yangu mdomoni, nikaketi nayo.

Katibu akamwuliza shemeji yake kama na yake inaweza kubadilishwa jina hivyo. Kijana alikuwa muungwana. "Yangu jina limechomwa ndani ya moto," akasema. "Kila kichwa kipya lazima nirudi kwenye kompyuta yangu Arusha, nitengeneze upya. Inawezekana, ila siyo hapa, siyo sasa."

"Hiyo ndiyo tofauti," nikasema kwa sauti, na ningeendelea, mguu wa mtu ukanikanyaga. Ulikuwa wa mama mwenyekiti. Alikuwa amekuja kuketi karibu yangu muda wote, makusudi, sasa najua.

Akasimama. "Nilimwambia huyu mtoto akina mama watataka kujiona," akasema. "Nilidhani atanieleza ataweka nani, ataacha nani. Hakuacha mtu." Akawatazama. "Mnasemaje?"

Wakasema kwa mikono. Ya moto ilipata mikono michache, ya katibu ikiwemo, na hakuna aliyemlaumu, shemeji ni shemeji. Nyingine zote zilikuwa za yule msichana aliyekuwa amesimama mbele na simu, haamini.

"Basi chaneli ni yako," mwenyekiti akasema. "Kwa masharti mawili. Kijana huyu tumwombe akufundishe taa, maana kwenye video zako sisi tunaonekana weusi kuliko masufuria yetu. Na huyu rafiki yako wa mjini, mwenye fani, tumshukuru. Aika sana. Ila siku za kikao, akae nyumbani kwao."

Walicheka mimi nikicheka nao, na kweli sijawahi kuingia kikao chao tena. Namsubiri nje, kwenye ngazi, na sahani ya chakula wananiletea.

Jioni, kabla sijateremka mjini, besti wangu alimpigia shangazi yake. Baba yake alikuwa amekaa pale pembeni anamenya muwa, anajifanya hasikii. Besti aliweka simu kwenye spika, juu ya kigoda.

"Shangazi, siji."

Magari yanasikika upande wa pili, mtu anapiga kelele za kupakua.

"Huji vipi?"

"Nimepata kazi hapa. Kikundi wamenipa chaneli. Baba yuko hapa, mwulize."

Baba yake akatema makapi ya muwa. "Ni kazi," akasema. "Nimeiona."

"Na kitanda nimeshakinunua mimi," shangazi akasema. "Godoro na neti. Sasa nilaze nani?"

Tukatazamana. Besti wangu alikuwa anang'ata mdomo, kicheko kinataka kumtoka na machozi pia. Nikainama kwenye simu.

"Shikamoo shangazi. Tutakuja kulala sisi, wikiendi. Tulale wote wawili, tukirekodi magari yako."

"Nani huyo?"

"Ni yule wa mjini," akasema baba yake.

"Aaa." Shangazi akavuta pumzi. "Basi waje. Lakini huyo alale upande wa ukutani, agombane na ukuta."